Sifuri nukta tatu

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza.

Mama mwenye biashara ya samaki pale Dunga, Kisumu, alinifungulia kichumba cha betri, akasimama kando, akanyamaza. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti mahali hapohapo, mita mkononi, nikamhakikishia, "Mama, waya zako ziko sawa. Nimezipima zote." Sasa plastiki ya waya nyekundu ilikuwa imegeuka kahawia kwa urefu wa kidole. Pale inapoingia kwenye lagi, kile kichwa cha shaba kinachofungwa na bolti, ilikuwa imelainika na kuvimba kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta.

"Fundi," akasema mwishowe, "siku ile ulipima nini?"

Nilimjibu jambo fulani kuhusu joto la msimu. Sikumbuki hasa. Ninachokumbuka ni kwamba nilizima mitambo, nikakata waya, nikaondoka na kipande kilichoungua mfukoni, na swali lake likanifuata hadi Kibuye, likalala na mimi, likaamka na mimi.

Nilipima nini?

## Mita haikuwa mbovu

Mtambo wenyewe ni wa kawaida. Betri mbili za volti 12 zimeunganishwa sambamba, inveta moja, friza mbili, na pampu ndogo ya kupandisha maji kwenye tangi. Friza zikiwa peke yake mkondo hausumbui. Pampu ikiwaka juu yake, klampu, ile mita inayobana waya na kusoma mkondo, inaonyesha ampea 90 hivi kwenye waya ya betri. Waya ni ya shaba, milimita za mraba 35, urefu wa mita moja na nusu.

Mara ya kwanza aliponiita alilalamika kwamba waya inapata moto karibu na betri. Nikafanya tunachofanya wengi wetu. Nikazima, nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, ile ngazi ya 200, nikagusa ncha moja kwenye lagi na nyingine kwenye shaba ya waya. Mita ikaonyesha 0.3. Nikapima waya nzima, mwisho hadi mwisho: 0.3. Nikapima waya nyeusi, ambayo haikuwa na shida yoyote: 0.3, ikacheza kidogo, ikawa 0.2, ikarudi 0.3.

Zote sawa. Basi ziko sawa.

Ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyoamini, mpaka usiku mmoja nilipokuwa nimekaa na kile kipande kilichoungua mezani na nikafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeifanya. Kama kweli pale palikuwa na omu 0.3, na mkondo ni ampea 90, basi volti zinazopotea pale peke yake ni 0.3 mara 90.

Ishirini na saba.

Betri ina 12.

Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta nilipokosea, kwa sababu ilikuwa rahisi mno. Waya haiwezi kupoteza volti 27 kutoka kwa betri yenye volti 12. Kwa hiyo zile 0.3 hazikuwa za lagi. Hazikuwa za waya. Nikachukua mita, nikagusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe, bila kitu katikati.

0.3.

Nilikuwa nimepima mita yangu. Waya zake mbili nyembamba, plagi zake zinapoingia kwenye mashimo, na ncha zake zilizochakaa. Kila mara nilipogusa kitu kipya nilikuwa nasoma kitu kilekile cha zamani. Mita ilisema ukweli mtupu, ila kuhusu swali ambalo sikujua kwamba nimeuliza.

## Muuzaji wa dania

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo ambalo fundi mwenzangu atalisema, kwa sababu hata mimi nililisema: si uondoe tu hiyo 0.3? Mita nyingi siku hizi zina kitufe cha REL. Unagusanisha ncha, unabonyeza, mita inajishusha hadi sifuri, kisha unapima.

Nilijaribu. Nikagusanisha, nikabonyeza, ikasoma 0.0. Nikapima kipande kilichoungua: 0.0. Nikakandamiza zaidi: 0.0. Nikalegeza kidogo: 0.1. Nikazungusha ncha: 0.0 tena.

Fikiria mtu anayetaka kujua uzito wa fungu moja la dania. Hana mzani mdogo, ana ule wa magunia. Anampandisha muuzaji mwenyewe mzanini akiwa ameshika dania, anasoma, kisha anamwambia aiweke chini, anasoma tena, anatoa. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni safi. Lakini kati ya kupanda mara ya kwanza na ya pili muuzaji amesogeza mguu na kuegemea upande, na ule mzani wa magunia hauna hata alama za gramu. Dania imepotea ndani ya pumzi za mwenye dania.

Lagi mbovu, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa na ukinzani wa kama miliomu mbili, yaani omu 0.002. Waya za mita yangu zilikuwa na mia tatu. Tarakimu ya mwisho ya mita yangu ni miliomu mia moja. Kila unapoinua ncha na kuigusisha upya, mgusano wenyewe unabadilika kwa miliomu kadhaa, wakati mwingine makumi. Kwa hiyo hata ukininunulia mita yenye tarakimu nyingi zaidi, nikipima kwa waya mbili nitakuwa naona tu kwa ufasaha zaidi jinsi mkono wangu unavyotetemeka.

Na kuna jambo la pili lililofichika. Ngazi ya omu ya mita hupitisha mkondo mdogo sana, kwa mita kama yangu chini ya miliampea moja. Miliampea moja ikipita kwenye miliomu mbili inaacha sehemu mbili tu kati ya milioni moja za volti. Hakuna mita ya bei yangu inayoweza kuiona.

## Mzee wa simu

Kuna mzee mmoja anayeishi juu ya duka karibu na tunapofanyia kazi. Alitumikia simu za waya miaka mingi, enzi za nguzo na nyaya, na sasa hutengeneza redio za watu bila haraka yoyote. Nilimpelekea kile kipande, nikamweleza.

Hakunicheka. Aliuliza tu, "Ulipeleka umeme kwa njia gani, na ukasoma kwa njia gani?"

"Njia moja, Mzee. Waya zilezile mbili."

"Basi hapo ndipo. Tenganisha."

Ndiyo somo lote, kwa kweli, lakini mimi nilihitaji kulionyeshwa. Waya mbili zipeleke mkondo. Waya nyingine mbili, tofauti kabisa, zisome volti. Waya nne, kazi mbili. Ukinzani ni volti ulizosoma gawanya kwa mkondo uliopeleka: R = V / I.

Nikapinga. Nilimwambia kwamba hizo waya za kusomea nazo zina ukinzani wake, uleule wa 0.3. Tumeongeza waya, tumeongeza tatizo.

Akainuka, akatafuta kwenye mkebe, akarudi na kizuizi kidogo cha rangi rangi. "Hiki ni omu elfu moja," akasema. Aliweka betri ya gari mezani, balbu ya taa ya mbele ya gari, na mita ya pili kusoma ampea, vyote vikifuatana na kipande cha waya ya shaba katikati. Kwenye kipande hicho akagusisha mita ya volti, ngazi ya milivolti 200. Ikasoma. Kisha akakata njia ya waya moja ya mita ya volti, akaingiza ile omu elfu moja katikati yake, akagusisha tena palepale.

Namba haikusogea.

Elfu moja! Mimi nilikuwa naogopa sifuri nukta tatu.

Sababu ni hii. Mita ya volti haili umeme. Ndani yake kuna ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye waya zake ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Ukinzani unakula volti pale tu mkondo unapopita. Pasipo na mkondo, waya iwe nyembamba, ndefu, yenye kutu kidogo, haina cha kula. Elfu moja mbele ya milioni kumi ni sehemu moja ya elfu kumi, na mita yangu haiwezi kuiona.

Na zile waya mbili za mkondo? Hizo zinapoteza volti kweli, na nyingi. Lakini zinapotezea nje. Ncha za kusomea zimekaa ndani, kwenye shaba yenyewe, kwa hiyo hazioni yaliyotokea kwenye klipu wala kwenye balbu. Zinaona tu kilichopotea kati ya sehemu mbili zinazogusa. Na mkondo uliopita hapo katikati ni uleule uliopita kwenye mita ya ampea, kwa sababu njia ni moja na hauna pengine pa kwenda.

Mzee aliniambia njia hii ni ya zamani kuliko simu zake. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Bwana Kelvin, aliihitaji kwa ajili ya shaba ya nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Shaba ya kila kiwanda ilipitisha umeme tofauti, na alitaka kulinganisha vipande vifupi bila viungio vya ncha kumharibia hesabu. Saketi ya kupimia aliyobuni miaka ya 1860, inayoitwa daraja, bado ina jina lake, na hadi leo klipu zenye waya mbili kila moja huitwa klipu za Kelvin.

Nikaazima balbu na betri, nikarudi kibandani kwangu nikiwa nimeelewa.

Sikuwa nimeelewa.

## Nilivyokosea mara ya pili

Balbu ni wazo zuri kwa fundi asiye na pawa saplai ya mezani. Ile ya wati 55 ya volti 12 inapitisha ampea nne na nusu hivi, na yenyewe ndiyo kinga: hata ukigusanisha waya vibaya, mkondo hauwezi kuzidi kile balbu inachoruhusu. Betri yangu siku hiyo ilitoa ampea 4.6. Inashuka polepole kadiri betri inavyochoka, lakini haijalishi ukisoma volti na ampea kwa wakati mmoja, ndiyo maana ya mita mbili.

Nikachukua klipu moja ya mkondo, nikabana kwenye mwisho ulioungua wa kipande. Klipu nyingine nikabana kwenye shaba ya mwisho wa pili. Kisha, kwa sababu nafasi ilikuwa finyu na kwa sababu nilikuwa na haraka, nikagusisha ncha za volti juu ya klipu zenyewe. Chuma kwa chuma, nikafikiri, kuna tofauti gani?

Milivolti 61.

Gawanya kwa 4.6: miliomu 13. Nikafurahi sana. Huu hapa ubovu! Kisha nikaisogeza klipu kidogo ili nipige picha, na ikawa 38.

Shaba haibadiliki kwa kusogezwa klipu.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa na waya nne, kweli, lakini nilikuwa nimezikutanisha pasipofaa. Kati ya meno ya klipu na shaba kuna mgusano, na ampea 4.6 zote zinapita hapo. Kwa kugusisha ncha ya volti juu ya klipu, nilikuwa nimeuweka mgusano huo ndani ya eneo ninalopima. Waya nne zilikuwa zimegeuka kuwa mbili tena bila mimi kujua. Ncha ya volti lazima iguse kitu chenyewe unachokipima, na iwe upande wa ndani wa klipu ya mkondo.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu cha kujikagua, na sijawahi kukiacha: natikisa klipu za mkondo huku nikitazama milivolti. Zikicheza ilhali ampea imetulia, ncha zangu ziko mahali pabaya. Zikitulia, niko ndani.

## Sindano

Kipande nilichokuwa nacho kilikuwa kimeungua, na sikutaka kuhukumu kwa maiti. Nilirudi Dunga, kwenye waya yenyewe, maana siku ile nilikuwa nimekata tu sehemu iliyovimba, nikasukuma shaba iliyobaki ndani ya lagi ileile, nikaminya na kufunga kwa muda huku nikimsihi Mama asiwashe pampu.

Alikuwa ameiwasha. Maji yalikuwa yameisha.

Nilizima inveta, nikafungua mwisho wa waya nyekundu ulio upande wa inveta ili usiguse kitu. Kutoka betri yangu ndogo mkondo ukapita kwenye balbu, kwenye mita ya ampea, ukaingia mwisho huo ulio huru, ukatembea waya nzima hadi kwenye lagi, ukavuka bolti hadi kwenye nguzo ya betri, na kutoka hapo ukarudi nyumbani. Muunganisho wa mwisho niliufanya mbali, upande wa betri yangu na wala si wa zile kubwa, kwa sababu betri za tindikali zikichajiwa hutoa gesi inayowaka, na cheche inapokuja kwa kawaida huja kwenye muunganisho wa mwisho.

Sasa swali ni ncha za volti zikae wapi, na hapa ndipo nilipoona kwamba unapogusa ndipo panapoamua unachopima. Nilichomeka sindano ya kushonea kwenye plastiki ya waya mpaka ikagusa shaba, sentimita kumi kutoka kwenye lagi. Kitundu hicho utakiziba kwa tepu baadaye. Ncha moja ya volti ikakaa kwenye sindano. Ya pili nikaitembeza.

Kwanza kutoka lagi hadi nguzo ya betri, yaani bolti peke yake: milivolti 0.2. Ndogo. Siku ya kwanza kabisa bolti ndiyo niliyoishuku, nikaipiga msasa, nikaikaza hadi nikaogopa kuvunja nguzo. Haikuwa na kosa lolote.

Kisha kutoka sindano hadi kwenye bapa la lagi, karibu na bolti, yaani sentimita kumi za waya pamoja na pale shaba ilipominywa ndani ya kichwa: milivolti 10.0.

Nikatikisa klipu. Ikabaki 10.0.

Kabla ya kushangilia nilikumbuka onyo la Mzee kuhusu joto. Vyuma viwili tofauti vikikutana, na upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, vinatoa volti zake vyenyewe, kidogo, bila mkondo wowote. Sindano yangu ni ya chuma, waya ni ya shaba, na lagi ilikuwa bado ya vuguvugu. Dawa yake ni kugeuza mkondo: unabadilisha chanya na hasi kwenye betri ndogo, ncha za volti unaziacha palepale. Volti za ukinzani zitageuka alama, za joto hazitageuka. Nikageuza. Mita ikasoma hasi 9.8. Ukubwa wa wastani ni 9.9, na ile 0.1 ya tofauti ni joto. Ukiwa na milivolti kumi haikuumizi. Lakini ukitafuta zile 0.2 za bolti, ni nusu ya jibu.

9.9 gawanya kwa 4.6 ni miliomu 2.15.

Waya yenyewe ina haki yake humo. Shaba ya milimita za mraba 35 ina kama miliomu 0.49 kwa kila mita, kwa hiyo sentimita kumi ni 0.05. Toa, inabaki 2.1. Ndiyo lagi.

Ili nisijidanganye tena nilipima vivyo hivyo upande wa inveta, lagi ambayo haijawahi kupata moto. Milivolti 0.3, yaani miliomu 0.065 pamoja na waya yake. Muungano mzuri haupaswi kuwa na ukinzani unaozidi sana ule wa kipande cha waya chenye urefu kama wake. Huu ulikuwa hivyo. Ule mwingine ulikuwa sawa na zaidi ya mita nne za waya zilizosokotwa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Ampea 90, mara ampea 90, mara 0.0021: wati 17. Waya nzima ya mita moja na nusu, ikibeba mkondo huohuo, inatoa joto la wati 6 zilizotandazwa urefu wake wote. Hizi 17 zilikuwa zimekaa mahali pamoja, zimefungwa koti la plastiki.

Na upotevu wa volti? 0.19. Ndiyo maana inveta haikulalamika hata siku moja.

## Kilichoniuma zaidi

Ningeweza kuishia hapo nikiwa na furaha yangu. Nilimpelekea Mzee namba zangu zote kwenye karatasi, balbu, sindano, mkondo uliogeuzwa. Akazisoma polepole. Kisha akauliza, "Na pampu ikiwaka, ulipima?"

"Nilizima, Mzee. Huwezi kupima omu kwenye kitu chenye umeme."

"Omu huwezi. Volti je?"

Nilimtazama.

"Unatafuta betri na balbu upate ampea nne," akasema, "na pale kuna ampea tisini zinapita bure."

Mkondo tayari upo. Unapita kwenye lagi, unatoka kwa betri kwenda kwa inveta kwa waya nene. Hizo ndizo waya mbili za kwanza. Weka ncha za mita ya volti, moja kwenye sindano, nyingine kwenye bapa la lagi. Hizo ni mbili nyingine. Klampu ikupe ampea. Ni vipimo vya waya nne kamili, na ile balbu haina kazi.

Mafundi wa umeme wa magari hufanya hivi kila siku bila kuita jina lolote: wanaweka mita kati ya nguzo ya betri na waya, wanamwambia mtu apige stata, wanasoma volti ngapi zimepotea pale. Nimewaona barabarani Nakuru, nimewaona hapa Kisumu, na nikafikiri ni mambo ya magari.

Tena ni kipimo bora kuliko changu. Muungano mbovu hautabiriki. Ukipoa unaweza kushikana vizuri, ukipata moto shaba inatanuka, utando wa kutu unabadilika, na ukinzani wa shaba yenyewe hupanda kwa asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya joto. Miliomu 2.1 nilizopata kwa ampea 4.6 ni za lagi ikiwa imepumzika. Ampea 90 zinaiuliza ikiwa kazini.

Hiyo ina maana kwamba siku ile ya kwanza, nikiwa na mita ileile, ncha zilezile, waya zilezile za 0.3, ningegeuza kitasa kutoka omu hadi milivolti, nikamwomba Mama awashe pampu, na mita ingenionyesha kama 190 mbele ya macho yangu. Chini ya dakika moja. Badala yake nilizima umeme kwa uangalifu mkubwa, nikaua kitu pekee kilichoweza kunijibu, kisha nikaanza kupima.

## Lagi iliyopasuliwa

Lagi mpya niliiminya kwa mashine ya haidroliki niliyoazima, yenye vinywa vya saizi ya 35. Nikafunga, nikaziba kitundu, nikachomeka sindano mahali papya. Ampea 4.6: milivolti 0.3. Kisha nikamwambia Mama awashe kila kitu.

Pampu ikanguruma, klampu ikapanda hadi 90, na mita ikasoma milivolti 6.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina magamba ya samaki. "Sita ni nyingi?"

"Ile ya zamani ingekuwa mia moja na tisini."

"Kwa hiyo leo umepima waya."

"Leo nimepima waya, Mama."

Hakutabasamu. Aliniuliza kama kiyoyozi kidogo cha feni kinaweza kuongezwa humo, nikamwambia tungoje kwanza.

Lagi ya zamani niliipasua kwa msumeno nyumbani. Ndani, nyuzi za shaba zimekandamizwa upande mmoja tu, ule uliopigwa. Upande wa pili kuna nafasi ambayo ungepitisha kijiti cha kiberiti, na nyuzi zake zimekuwa nyeusi. Nilipoifunga upya kwa haraka nilikuwa nimeongeza tu pigo jingine palepale. Iliminywa kwa patasi na nyundo mwaka jana, kwa sababu mashine ya kuminya ilikuwa ghali na mteja alikuwa anangoja. Najua kwa sababu aliyepiga nyundo ni mimi.

Mwaka ule niliminya nyingine kwa nyundo kwa wateja watatu. Wawili nimeshawatembelea na mita na sindano, mizigo yao yote ikiwa imewashwa. Mmoja lagi zake ziko sawa, miliomu 0.04 na 0.06. Wa pili ana moja ya 0.7, haijapata moto bado, nimeibadilisha. Wa tatu yuko Ahero, ana pampu ya mpunga. Nitaenda Jumamosi.